Uso unaoamuru: kwa nini Levinas aliyatanguliza maadili

*Shikamoo Mwalimu. Muhula huu tunamsoma Levinas na nimekwama. Anasema uso wa mtu mwingine unaniamuru nisiue. Mbona watu wanauana kila siku na huku wanatazamana? Halafu anasema maadili ndiyo falsafa ya kwanza. Mimi naona lazima kwanza nijue kilicho mbele yangu ni nini, ndipo nijue nikitendee vipi. Na mwenzangu darasani anasema haya yote ni utu wetu tuliofundishwa nyumbani, ila umevishwa suti ya Kifaransa. Nisaidie.*

Marahaba. Nianze na pingamizi lako la katikati, lile la kujua kwanza, kwa sababu likieleweka hayo mengine mawili hayatakusumbua sana.

Pingamizi hilo si la kitoto. Aristotle alipotaja falsafa ya kwanza alikuwa na maana ya elimu inayochunguza kuwepo kwenyewe: nini maana ya kitu kuwa, kabla hujauliza kama ni jiwe, ng'ombe au binadamu. Mwaka 1927 mwanafalsafa Mjerumani Martin Heidegger alilifufua swali hilo kwa nguvu mpya katika kitabu chake kikuu. Alisema kwamba siwezi kukutana na chochote, awe mtu au nyundo, bila kuwa tayari na uelewa fulani wa kuwepo, hata kama sijawahi kuutia katika maneno. Emmanuel Levinas, kijana wa Kiyahudi aliyezaliwa Kaunas, Lithuania, mwaka 1906, na baadaye akawa mwanafalsafa wa Ufaransa, alikwenda Freiburg, Ujerumani, mwaka 1928 akahudhuria masomo ya mwanafalsafa Edmund Husserl na ya Heidegger huyohuyo. Alivutiwa mno. Hata uzeeni aliendelea kusema kwamba kitabu kile cha 1927 ni miongoni mwa vitabu vikubwa vya falsafa, ingawa mwandishi wake alijiunga na chama cha Nazi mwaka 1933 na hilo Levinas hakulisahau. Kwa hiyo unaposema "lazima kwanza nijue", unasema alichokisema mwalimu wa Levinas, na Levinas alilijua pingamizi lako kabla hujazaliwa.

Jibu lake moja la mapema liko katika makala ya mwaka 1951. Anakubali kwamba vitu vingi tunavikuta hivyo: naiona nyundo, naitambua ni nyundo, naishika. Kwa mtu, anasema, mpangilio huo haupo. Siwezi kumwelewa mtu kwanza kama kitu, halafu baadaye, katika hatua ya pili, nikamsemesha. Kumwelewa mtu ni tayari kuwa naye katika mazungumzo, hata kama nimeamua kunyamaza. Salamu haiji baada ya uchunguzi.

Hili ukilisoma haraka utaliona kama maneno matamu tu, basi tuliweke mahali. Chukua duka la mtaani, saa moja jioni. Mwenye duka yuko nyuma ya kaunta, daftari la madeni liko kwenye droo. Anaingia mama jirani, anasimama, anaomba kilo mbili za unga kwa mkopo. Mwenye duka anajua habari zake zote: deni la wiki iliyopita bado, mumewe hana kazi tangu mwezi uliopita, watoto ni wanne. Anajua pia kwamba kuna gunia zima la unga chini ya meza. Anageuka nyuma, anaanza kupanga sabuni ambazo zilikuwa zimeshapangwa, na akiwa amempa mgongo anasema, "Mzigo haujafika, dada."

Tuangalie mambo mawili hapo: kugeuka na uongo. Kama mama yule angekuwa tu jumla ya habari zilizomo kichwani mwa mwenye duka, uongo ungekuwa wa nini? Mkopo wa tatu kwa mtu asiye na kipato ni hasara. Hesabu imekwisha, angefunga droo na kuendelea na kazi zake. Badala yake anatafuta kisingizio. Kisingizio ni utetezi, na hakuna mtu anayejitetea mbele ya gunia. Amekwisha kuulizwa jambo, na kila atakalofanya sasa, hata kukataa, hata kujifanya hakusikia, litakuwa jibu. Hana njia ya kurudi nyuma mpaka pale ambapo hakuwa ameulizwa. Na kwa nini hakusema uongo huo huku akimtazama? Yeye mwenyewe huenda asijue, lakini mabega yake yanajua.

Hicho alichogeukia pembeni ndicho Levinas anachokiita uso. Wanafunzi wengi hujikwaa hapa kwa kudhani anazungumzia macho, pua na midomo. Yeye anasema kinyume: ukianza kuchunguza pua, paji na kidevu, umeshamgeuza mtu kuwa kitu cha kutazamwa, na katika mahojiano yaliyochapishwa mwaka 1982 alisema kwamba namna bora ya kukutana na mtu ni kutogundua hata rangi ya macho yake. Uso kwake ni namna mtu anavyojileta mbele yangu kuliko picha yoyote niliyonayo juu yake. Naweza kuwa na picha kamili ya mama yule, hata na faili zima, na bado yeye mwenyewe, anayenisemesha sasa, hayumo ndani ya faili. Anaweza kulikanusha. Anaweza kusema, "Hunijui."

Kuna mfano ambao Levinas aliupenda sana uzeeni mwake, na unamaliza kabisa habari ya pua na macho. Ameutoa katika riwaya ya mwandishi wa Kisovieti Vasily Grossman, ile ambayo muswada wake ulikamatwa na KGB, polisi wa siri wa Kisovieti, mwaka 1961 na haikuchapishwa mpaka 1980, huko ng'ambo. Watu wamepanga foleni Moscow, kwenye dirisha la Lubyanka, makao ya polisi hao wa siri, wakisubiri habari za ndugu zao waliokamatwa. Katika foleni kila mtu anaona mgongo wa aliye mbele yake tu. Na katika migongo ile, katika shingo zilizokazwa na mabega yaliyoinuka, mtu anasoma matumaini na hofu ya mwenzake. Levinas anasema: huo nao ni uso. Popote mwili wa mwingine unapokuwa wazi mbele yangu bila kinga, na udhaifu wake ukanisemesha, uso upo.

Sasa swali lako la mauaji. Hapa lazima tutofautishe amri na kizuizi. Ukuta unanizuia kupita, hauniamuru kitu. Uso hauna nguvu ya ukuta, na Levinas hakuwahi kusema unayo. Katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1961 anaandika wazi kwamba kuua ni jambo la kawaida mno katika historia ya binadamu, na kwamba kisu au risasi haikutani na upinzani wowote wa kutajika. Upinzani wa uso ni wa aina nyingine: ni upinzani wa kile kisichokuwa na upinzani. Nikimuua mtu, nimefanikiwa kuuangamiza mwili wake, lakini nililolitaka sikulipata. Nilitaka kumnyamazisha yeye, yule anayeweza kuniambia hapana, na kilichobaki mikononi mwangu ni maiti, kitu ambacho hakikuwa kikinipinga hata kidogo. Ndiyo maana anasema ni mtu pekee ambaye naweza kutaka kumuua. Mti naukata, mbuzi namchinja kwa ajili ya nyama. Chuki ya kuua inamhitaji mwingine ambaye tayari ameshaniweka kwenye swali. Kwa hiyo muuaji hathibitishi kwamba amri haikutolewa. Ameivunja, na huwezi kuvunja amri ambayo haikukufikia.

Levinas hakuyafikiri haya akiwa amekaa kwenye kiti cha starehe. Alikuwa mkalimani wa Kijerumani na Kirusi katika jeshi la Ufaransa, akatekwa mwaka 1940, na miaka iliyobaki ya vita aliimaliza kambini kwa Wajerumani, akikata miti katika kikosi cha wafungwa wa Kiyahudi. Sare ya jeshi la Ufaransa ndiyo iliyomwokoa yeye. Wazazi wake na ndugu zake waliobaki Lithuania waliuawa. Katika insha fupi ya mwaka 1975 anawasimulia wafungwa sabini wakienda kazini msituni kila siku na kurudi. Watu huru walipita njiani, wanawake na watoto, wengine waliinua macho, wengine hata walitabasamu, na macho yale yaliwavua wafungwa ngozi ya ubinadamu. Hakuna aliyewapiga hapo barabarani. Walitazamwa tu, wakatazamwa kama kundi, kama aina fulani ya viumbe.

Kisha mbwa mmoja mzururaji akajitokeza, wakampa jina Bobby. Alikuwa akiwangoja asubuhi wakati wa kuhesabiwa, na jioni wakirudi anarukaruka na kubweka kwa furaha. Kwake yeye hapakuwa na shaka kwamba wale ni watu. Baada ya wiki chache walinzi wakamfukuza. Levinas anamwita Bobby Mkanti wa mwisho katika Ujerumani ya Wanazi, yaani mfuasi wa mwanafalsafa Kant, aliyefundisha kwamba tutende kwa kanuni inayoweza kuwa ya watu wote, ila Bobby hakuwa na ubongo wa kugeuza anachokijua kuwa kanuni ya wote. Ni utani wenye uchungu, maana umetoka kwa mtu ambaye alipoulizwa baadaye kama wanyama nao wana uso, alijibu kwa kusitasita: mbwa huenda, nyoka hajui. Mimi naona hapo alisita kuliko falsafa yake mwenyewe ilivyomruhusu.

Lakini kwa swali lako, tazama kilichotokea barabarani. Wale wapita njia walikuwa na ujuzi. Walijua, au walidhani wanajua, kilichokuwa mbele yao: Wayahudi, wafungwa, maadui. Walitanguliza nini-ni-nini, ndipo wakajua wavitendee vipi viumbe vile. Utaratibu ni uleule unaoutetea wewe, na ndio ulioziba masikio yao. Sisemi kwamba kila anayejua kwanza atakuwa Mnazi, na Levinas hakusema hivyo. Anasema kwamba falsafa inayompa kila kiumbe nafasi yake ndani ya mfumo mmoja wa maelezo haina chochote ndani yake cha kuusimamisha mfumo huo pale unapomla mtu. Kinachousimamisha lazima kitoke nje ya mfumo.

Sasa tufike kwenye neno "kwanza". Usilisome kama la saa, kwamba asubuhi nafanya maadili na mchana nafanya sayansi. Ni la msingi: kipi kinakitegemea kipi. Rudi dukani. Mwenye duka alipogeuka, alianza kutunga sababu. Sababu ni nini? Ni maneno ninayompa mtu anayeweza kuyakataa. Mtu aliye peke yake duniani, asiyeulizwa na yeyote, angechukua, angekula, angelala. Asingekuwa na haja ya kuthibitisha lolote. Levinas anakwenda mpaka hapo. Anasema ujuzi wenyewe, ule wa kweli, unaojihoji na kukubali kusahihishwa, unaanza pale uhuru wangu unapoulizwa "una haki gani?" na mtu ambaye siwezi kummeza ndani ya mawazo yangu. Ukweli unahitaji ushahidi, ushahidi unahitaji anayepewa, na anayepewa ameshanifanya niwajibike kwake. Basi unaposema "lazima kwanza nijue", ukumbuke kwamba hata kuniandikia swali hili umeshatanguliza jambo: umenichukulia kuwa mtu wa kuulizwa, nami nimejikuta nadaiwa jibu.

Alitoa mhadhara huko Louvain mwaka 1982 wenye jina hilohilo la maadili kama falsafa ya kwanza. Humo anageuza swali maarufu la wanafalsafa, kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwa na chochote. Swali la kwanza, anasema, ni lingine: je, nina haki ya kuwepo? Kwa kuwepo kwangu tu, kwa nafasi niliyoikalia chini ya jua, ni nani niliyemsukuma pembeni? Mtu aliyenusurika vita wakati wazazi na ndugu zake wameuawa halichukui swali hilo kama zoezi la darasani. Mimi nadhani anayesoma mhadhara ule bila kukumbuka hilo atauona umetia chumvi.

Mwenzako wa utu ana hoja nzuri, na wapo wanafalsafa wa Kiafrika wanaowasoma Levinas na utu pamoja kwa faida kubwa. Lakini asifanye haraka. Tunaposema mtu ni watu, tunasema kwamba mimi ni mtu kupitia wengine nao kupitia mimi. Leo nakuzika wako, kesho utanizikia wangu. Kuna kupeana ndani yake, na ni kitu chema. Levinas anaondoa kupeana huko kwa makusudi. Kwake mama yule wa unga ananidai kabla ya kuwa amenifanyia chochote, na bila ahadi kwamba atanifanyia. Alipoulizwa kama mwingine naye hawajibiki kwangu, alijibu kwamba huenda, lakini hilo ni shauri lake. Akazoea kumrudia Dostoyevsky, mwandishi wa riwaya wa Urusi: kila mmoja wetu ana hatia mbele ya wote kwa ajili ya wote, na mimi kuliko wengine. Maneno "mimi kuliko wengine" hayana nafasi katika hesabu ya kusaidiana. Ukiyaondoa, Levinas anageuka kuwa mzee wa kijiji anayehimiza ujirani mwema, na mwenzako atakuwa ameshinda.

Ugumu wa kweli uko mahali pengine, na ndio ningependa uuweke kwenye karatasi yako ya muhula. Dukani mama yule hayuko peke yake. Nyuma yake yupo mzee anayetaka sukari kwa mkopo, nyumbani kwa mwenye duka kuna watoto, na msambazaji anataka fedha zake Jumatatu. Akimpa kila anayesimama mbele yake, ndani ya mwezi duka litafungwa na hakuna atakayekula. Levinas anamwita huyu aliye nyuma "wa tatu". Kwa sababu ya wa tatu lazima nilinganishe watu wasiolinganishika. Lazima niulize nani ana haja zaidi, nani kamdhulumu nani. Hapo ndipo vinapozaliwa daftari, mizani, sheria, mahakama na dola. Hapo pia ujuzi wako unarudi kwa heshima zote, maana huwezi kutenda haki bila kujua. Levinas hakuukataa ujuzi. Aliutafutia sababu ya kuwepo. Mahakama ipo kwa ajili ya nyuso, na ikizisahau inakuwa mashine.

Je, ni nini kinachoongoza safari ya kutoka kwenye uso mpaka kwenye hukumu? Hapa anakuwa na maneno machache, na historia ilimjaribu mwenyewe. Septemba 1982 wanamgambo Wakristo wa Lebanon waliwaua Wapalestina katika kambi za Sabra na Shatila, Beirut, eneo lililokuwa limezingirwa na jeshi la Israeli. Siku chache baadaye, kwenye redio huko Paris, Levinas aliulizwa: kwa Mwisraeli, je, mwingine si kwanza Mpalestina? Alizungumza juu ya dhima ambayo inawahusu hata wasio na hatia, lakini kwa swali lile mahususi alijibu kwamba maana yake ya mwingine ni tofauti, kwamba jirani akimshambulia jirani mwingine yabidi kujua nani ana haki na nani hana, na kwamba mwingine anaweza kugeuka adui. Wasomaji wake wengi hawajaimeza kauli hiyo mpaka leo.

Wengine humtetea kwa kusema hapo alikuwa akizungumzia wa tatu, na kwa mujibu wa nadharia yake wako sahihi. Mimi naona utetezi huo unaonyesha tatizo badala ya kulifunika. Kama wa tatu anaweza kuingia wakati wowote na kunipa ruhusa ya kuanza na hesabu, basi inategemea sana ninayemweka mbele na ninayemweka nyuma, na hilo nadharia haisemi. Mwanafalsafa wa Ufaransa Jacques Derrida alikuwa ameligusa jambo la jirani na hili tangu mwaka 1964. Alisema siwezi kumheshimu mwingine kama mwingine kama simtambui kuwa naye ni nafsi, ni "mimi" kwa upande wake, sawa nami. Kuna utambuzi mdogo, wa kiasi fulani, ambao hauwezi kukosekana hata kwenye mkutano wa kwanza kabisa. Kwa hiyo nusu ya pingamizi lako inasimama. Ile ya kwamba natambua kwanza halafu ndipo nawajibika imeanguka, nami sioni namna ya kuiinua. Lakini kuna kutambua kunakokuja pamoja na kuwajibika, na Levinas, kwa kuogopa kumrudisha mwalimu wake wa Freiburg mlangoni, hakukupa nafasi ya kutosha. Karatasi ikianzia hapo, kwenye wale wapita njia wa msituni waliokuwa na macho mazuri tu, na kuuliza ni utambuzi gani uliowakosekana, utakuwa na la kuandika kwa kurasa zote ulizopewa.